Umeombwa kujibu barua pepe ambayo hujaisoma: fanya hivi kwanza

Wakazi wengi wa kaunti hii sasa hupata majibu ya maombi yao kwa barua pepe: kibali cha ujenzi, leseni ya biashara, kodi ya ardhi. Wengi wao pia hutegemea mtu mwingine kuwaandikia majibu. Huyo anaweza kuwa mtoto aliyesoma, jirani, au kijana wa saiba. Mara nyingi ombi hufika kwa sentensi moja tu kwenye simu: "Nisaidie kujibu hii barua ya kaunti." Barua yenyewe haipo. Mwenye barua anadhani ameituma, au anadhani maelezo yake yanatosha. Msaidizi anaandika kwa kubahatisha, jibu linatumwa, na linaingia kwenye faili.

Somo hili linaeleza la kufanya wakati huo. Tutatumia mfano wa kubuni wa mjomba na mpwa wake, na ombi la kibali cha ujenzi, kwa sababu katika ombi la aina hiyo jibu la kubahatisha linaweza kumgharimu mtu pesa na haki yake ya kukata rufaa.

Barua tatu zenye kichwa kimoja

Mjomba ana ploti na anataka kujenga vyumba sita vya kupangisha. Mchoraji wake wa ramani amewasilisha ombi la kibali. Wiki chache baadaye, mjomba anampigia mpwa wake aliye mjini.

"Mwanangu, kaunti wameniandikia kuhusu ile ploti. Wamekataa. Wajibu, uwaambie nimelipa kila kitu na fundi ananingoja."

"Sawa, mjomba. Barua inasemaje hasa?"

"Ni Kiingereza kingi. Lakini wamekataa."

Mpwa ana neno moja tu mkononi, "wamekataa", na hata hilo si la barua. Ni la mjomba. Afisi ya upangaji wa ardhi inaweza kuwa imeandika barua moja kati ya tatu, na zote tatu zinaweza kuwa na kichwa kilekile, yaani nambari ya ombi na nambari ya ploti.

Barua ya kwanza inaidhinisha ombi kwa masharti. Kwa mfano, kibali kinatolewa iwapo jengo litasogezwa nyuma kutoka barabarani. Anayepata barua hii hana sababu ya kubishana. Anahitaji kusoma masharti, kuyakubali au kuomba ufafanuzi, na kumwita mchoraji arekebishe ramani.

Barua ya pili inaahirisha uamuzi. Inasema ombi halijaidhinishwa jinsi lilivyo kwa sababu kuna stakabadhi inayokosekana, labda cheti cha kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi imelipwa, au sahihi ya mtaalamu kwenye ramani. Kwa masikio ya mtu mwenye wasiwasi, "halijaidhinishwa" ni sawa na "limekataliwa", kumbe anachoombwa ni karatasi moja tu.

Barua ya tatu ndiyo inayokataa kweli. Hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inafungua muda mfupi wa rufaa. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inampa mwombaji asiyeridhika siku 14 tangu uamuzi ulipotolewa kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za upangaji wa ardhi.

Jibu linalofaa barua moja linaharibu mambo katika nyingine. Ukiandika malalamiko makali kwa afisi iliyoidhinisha ombi lako, umelikanganya faili. Ukituma stakabadhi kwa afisi iliyokwisha kukataa, unaweza kukaa ukingoja huku siku za rufaa zikipita.

Sentensi inayoweza kukushtaki

Tuseme mpwa anamwamini mjomba na anaandika. Anataka kuonyesha kwamba jambo ni la haraka, kwa hiyo anaweka sentensi hii: "Tumeshachimba msingi na fundi yuko kazini, tafadhali harakisheni."

Kwa mpwa, hayo ni maelezo ya kuomba huruma. Kwa afisa anayesoma, ni mwenye ploti kukiri kwa maandishi kwamba ameanza kujenga bila kibali. Sheria hiyo ya 2019 inalifanya hilo kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Pengine barua iliyokuwa kwenye simu ya mjomba ilikuwa ya kuomba cheti tu. Hakuna aliyeuliza kama msingi umechimbwa.

Hiyo ndiyo hatari ya kujibu usichokisoma: unajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Makosa ya aina hii huwa manne. Unaweza kukiri jambo, kukubali jambo, kukana jambo, au kuahidi jambo. Unapoandika bila kuona barua, kagua kila sentensi kwa kipimo hicho. Sentensi ikifanya mojawapo ya hayo manne, iondoe.

Itafute barua yenyewe

Kabla ya kuandika lolote, dakika kumi za kutafuta barua zitakusaidia kuliko saa nzima ya kutunga jibu. Mwambie mwenye barua aifungue kwenye simu yake, abonyeze nukta tatu zilizo pembeni mwa ujumbe, achague `Forward`, kisha aandike anwani yako. Ujumbe ukitumwa hivyo, unakuja na tarehe, anwani ya aliyetuma, na viambatisho.

Picha ya skrini haitoshi. Mara nyingi inakata sehemu ya juu, ambako kuna tarehe na anwani ya aliyetuma, na haibebi kiambatisho. Katika barua za afisi, ujumbe wenyewe huwa na mistari miwili ya heshima, na uamuzi uko ndani ya faili iliyoambatishwa. Mtu anayekutumia picha ya mistari hiyo miwili hajakutumia barua.

Kama mwenye barua anasema imepotea, usikate tamaa mapema. Kwenye Gmail, mwambie aandike maneno haya kwenye sehemu ya kutafuta, akiweka nambari ya ploti au ya ombi mahali pa neno NAMBARI:

```
in:anywhere NAMBARI
```

Amri hiyo inatafuta kila mahali, pamoja na `Spam` na `Trash`, ambako utafutaji wa kawaida haufiki. Ujumbe ulio katika sehemu hizo mbili hufutwa baada ya siku 30, kwa hiyo tafuta leo, usingoje wiki ijayo.

Kama hakuna kitu, mpigie mchoraji wa ramani. Katika maombi ya ujenzi, mtaalamu ndiye anayewasilisha mara nyingi, na barua inaweza kuwa imeenda kwa anwani yake. Huenda mjomba hakusoma barua kabisa. Aliambiwa kwa simu kuwa "wamekataa".

Barua ikifika, angalia anwani iliyoituma kabla ya kusoma yaliyomo. Anwani za afisi za serikali, za kitaifa na za kaunti, kwa kawaida huishia na `.go.ke`. Ujumbe unaojiita wa kaunti lakini umetoka kwenye anwani ya mtu binafsi, na unaotaka pesa zitumwe kwa nambari ya simu, usijibiwe. Upeleke kwa afisi ya kaunti ndogo uthibitishwe. Hii ni sababu nyingine ya kutojibu barua ambayo hujaiona: huna hakika kwamba ni ya kaunti.

Usiombe nywila ya mwenye barua, na usikubali kupewa. Unachohitaji ni ujumbe mmoja tu, si sanduku lake lote.

Usiazime hasira ya mtu

Jambo la pili linalopotea barua isipoonekana ni sauti yake. Mjomba anasema, "Wamenijibu vibaya sana." Mpwa anawasha moto naye, anaandika kwa ukali. Lakini lugha ya afisi ni kavu kwa kila mtu. Maneno kama "unatakiwa" au "tunasikitika kukujulisha" huandikwa hata pale ambapo afisa hana neno baya na mwombaji. Anayesoma kwa hofu husikia ukali usiokuwamo.

Kosa la upande wa pili ni kunyenyekea kupita kiasi. Msaidizi anayedhani kosa ni la mjomba anaandika, "Twaomba msamaha kwa makosa yetu." Makosa gani? Kama afisi ndiyo iliyopoteza cheti, mjomba ameomba msamaha kwa kosa lisilo lake, tena kwa maandishi.

Basi, pale ambapo sauti ya barua haijulikani, tumia heshima ya kawaida: cheo cha unayemwandikia, jambo lako, jina lako. Ukiona jibu lako lina neno linaloeleza hisia, kama vile "nasikitishwa" au "tafadhali nihurumieni", lifute. Hulijui bado unalolijibu.

Maswali manne ya kuuliza kwa simu

Kuna siku barua haitapatikana mara moja. Simu ya mjomba imeisha chaji, au mtandao wa kwao hauna nguvu. Hapo muulize mambo manne, na umwombe akusomee maneno yenyewe herufi kwa herufi ikibidi, badala ya kukueleza maana.

La kwanza ni tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku aliyoifungua. La pili ni nambari ya marejeleo. La tatu ni cheo cha aliyetia sahihi. La nne ni kama kuna tarehe nyingine yoyote ndani yake, kwa sababu tarehe ya pili katika barua ya afisi huwa ni siku ya mwisho ya kufanya jambo fulani.

Tarehe ndiyo kubwa kuliko yote. Tuseme uamuzi ulitolewa tarehe 3 Machi. Mjomba aliuona tarehe 10. Alimpigia mpwa tarehe 12. Mjomba anaamini ana wiki mbili tangu alipousoma. Lakini siku 14 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, na zinakwisha tarehe 17 Machi. Siku ya ile simu, zilikuwa zimebaki siku tano.

Barua fupi unayoweza kutuma

Kama barua haijapatikana na siku zinakimbia, jibu moja tu ni salama: barua inayotambulisha mwombaji, inayoomba nakala, na isiyosema lolote kuhusu yaliyomo. Inaweza kuwa hivi:

*Kwa Mkurugenzi wa Upangaji wa Ardhi,*

*KUHUSU: Ombi la kibali cha ujenzi nambari (andika), ploti nambari (andika)*

*Mimi ndiye mwenye ombi lililotajwa hapo juu. Naelewa kwamba afisi yako imenitumia barua pepe kuhusu ombi hili, lakini sina nakala yake kamili pamoja na viambatisho.*

*Naomba nitumiwe nakala kamili kwa anwani hii, na nielezwe tarehe ya uamuzi wowote uliotolewa.*

*Nitajibu yaliyomo nikishaisoma. Barua hii si jibu la jambo lolote lililoandikwa humo. Sijakubali wala kupinga uamuzi wowote, na haki yangu ya kukata rufaa ibaki palepale.*

*Jina kamili, nambari ya simu, tarehe*

Angalia mambo mawili katika barua hiyo. Haisemi "nimeisoma", kwa sababu si kweli, na haisemi "sikuipata", kwa sababu hilo pia huenda si kweli. Inasema tu kwamba mwombaji hana nakala kamili. Tena inaomba tarehe ya uamuzi, kwa sababu bila tarehe hiyo huwezi kuhesabu siku.

Barua itumwe kutoka kwa anwani ya mwombaji mwenyewe, ile iliyoandikwa kwenye ombi. Mpwa akiituma kwa anwani yake, afisi ina haki ya kukataa kumjadilia faili lisilo lake.

Barua hii ina mipaka yake. Haisimamishi hesabu ya siku 14. Inaweka tu kumbukumbu kwamba uliuliza, na siku gani.

Sheria inakupa nakala, lakini hesabu siku

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa afisi ya umma, na barua iliyo kwenye faili lako ni mojawapo. Unaweza kuandika ombi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Huhitaji kueleza kwa nini unaitaka. Hutozwi ada kwa kuwasilisha ombi. Mtu asiyeweza kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kusaidiwa na afisa ili ombi lake liandikwe.

Chini ya sheria hiyo, afisi inatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo, na isipite siku 21. Hapa ndipo wengi hukwama. Mpwa akituma ombi tarehe 12 Machi, afisi inaweza kujibu tarehe 2 Aprili na bado ikawa ndani ya sheria. Rufaa ilikwisha tarehe 17 Machi. Siku 21 ni nyingi kuliko siku 14.

Kwa hiyo, katika jambo la kibali cha ujenzi, tuma ombi la nakala, lakini usikae nyumbani ukilingoja. Mjomba aende mwenyewe kwenye afisi ya upangaji wa ardhi akiwa na kitambulisho na nambari ya ombi, aulize uamuzi ulikuwa upi na wa tarehe gani, na aombe nakala iliyochapishwa. Kama uamuzi ni wa kukataa, aulize siku hiyohiyo rufaa hupokelewa wapi. Akiona sababu za kukataa hazikuandikwa, aziombe kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu zilizoandikwa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala.

Barua inapopatikana

Turudi kwa mjomba. Jioni hiyo simu imepata chaji, na barua imefika kwa mpwa ikiwa na kiambatisho. Imeandikwa tarehe 3 Machi. Inasema ombi halijaidhinishwa jinsi lilivyo, na inataka mambo mawili: cheti cha kodi ya ardhi, na ramani yenye sahihi na muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa. Inataka vyote viwasilishwe kufikia tarehe 31 Machi. Ni barua ya pili kati ya zile tatu. Hakuna aliyekataa.

Sasa mpwa anaandika jibu lenyewe, nalo ni rahisi. Anafuata mpangilio wa barua: jambo la kwanza la afisi, jibu lake, jambo la pili, jibu lake.

*Kuhusu barua yako ya tarehe 3 Machi: (1) Cheti cha kodi ya ardhi kimeambatishwa. (2) Ramani iko kwa mtaalamu ili aitie sahihi na muhuri, na nitaiwasilisha kabla ya tarehe 31 Machi.*

Jibu haliongezi habari za fundi, wala za msingi. Kila sentensi inajibu kitu kilichoandikwa. Kabla ya kutuma, mpwa anamsomea mjomba jibu lote kwa simu, kwa Kiswahili, na kumuuliza swali moja: "Mjomba, ile ramani kweli iko kwa mchoraji?" Mjomba akisema bado iko kabatini, sentensi ya pili inabadilishwa, kwa sababu ahadi iliyo kwenye faili ni ya mwenye ploti, si ya aliyeiandika.

Mkazi aliyepata barua ya kaunti asiyoielewa anaweza kuipeleka, ikiwa imechapishwa pamoja na viambatisho vyote, kwa msimamizi wa wadi yake asomewe kabla ya kuijibu. Aende na barua yenyewe mkononi, wala asitegemee maelezo yake ya mdomo.